Kuandika Ikisiri na Hitimisho Yaliyotoka Kisimani

Tasnifu ya mazingira inaweza kuwa na kurasa zaidi ya 100, lakini wengi wanaoishika husoma sehemu mbili tu: ikisiri iliyo mwanzoni na hitimisho lililo mwishoni. Mtendaji wa mtaa, ofisa wa maji wa wilaya, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa mwaka ujao anayetafuta mada, wote hawa mara chache hufika sura ya nne, mahali majedwali yalipo. Ikisiri ikisema jambo ambalo majedwali hayakulisema, itaaminiwa ikisiri. Na katika mambo ya maji, misitu na taka, kinachoaminiwa hugeuka haraka kuwa agizo: choo kibomolewe, kisima kifukiwe, wavuvi wahamishwe.

Kasoro hii haiwahusu wanafunzi peke yao. Mwaka 1999 Roy Pitkin na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya kulinganisha ikisiri za makala za tiba na makala zenyewe, katika majarida sita makubwa. Ikisiri ilihesabiwa kuwa na kasoro ikiwa ilitoa takwimu isiyolingana na ile ya ndani, au takwimu isiyopatikana popote ndani. Jarida lililofanya vizuri kuliko yote lilikuwa na ikisiri za namna hiyo 18 katika kila 100. Lililofanya vibaya zaidi lilikuwa na 68. Hayo ni majarida yenye wahariri wa kulipwa na wahakiki wa nje. Mwanafunzi anayemalizia tasnifu usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi ana walinzi wachache zaidi, kwa hiyo lazima awe na utaratibu wake mwenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuupitie hadi mwisho. Takwimu zake nimezitunga kwa ajili ya makala hii, lakini mada yenyewe ni ya kawaida katika vyuo vyetu: maji ya visima vifupi katika mtaa uliojengwa bila mpango jijini Dar es Salaam, ambako vyoo vya shimo na visima vinagawana viwanja vidogo. Mwanafunzi wetu aliuliza maswali matatu. Je, maji ya visima hivyo yana bakteria wa kinyesi? Je, hali hiyo hubadilika kati ya masika na kiangazi? Na je, visima vilivyo ndani ya mita 15 kutoka chooni vimechafuka zaidi kuliko vilivyo mbali zaidi?

Alichukua sampuli mwezi Aprili, mvua zikiwa zimekolea, na tena mwezi Septemba kabla ya vuli. Maabara ilichuja mililita 100 za kila sampuli kwenye utando mwembamba, utando ukawekwa juu ya chakula cha bakteria katika joto la nyuzi 44, na siku iliyofuata makundi ya bakteria aina ya E. coli yakahesabiwa. Bakteria hao huishi matumboni mwa binadamu na wanyama wenye damu moto, ndiyo maana kuonekana kwao ni dalili kwamba kinyesi kimeingia kwenye maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka maji ya kunywa yasiwe na hata mmoja wao katika mililita 100.

Majibu yalikuwa haya. Visima vilivyopimwa misimu yote miwili vilikuwa 40. Wakati wa masika E. coli walionekana katika visima 31, na wakati wa kiangazi katika visima 22. Visima 12 vilikuwa na bakteria masika lakini si kiangazi, na vitatu vilikuwa kinyume chake. Tofauti ya namna hiyo ni nadra kutokea kwa bahati tu: hesabu inatoa thamani ya p ya 0.035. Hadi hapo matarajio yake yalitimia. Swali la tatu ndilo lililomsumbua. Wakati wa masika, kati ya visima 24 vilivyo ndani ya mita 15 kutoka chooni, 20 vilikuwa na bakteria. Kati ya 16 vilivyo mbali zaidi, 11 vilikuwa nao pia. Yaani asilimia 83 dhidi ya asilimia 69.

Ukitazama haraka utasema karibu ni kubaya zaidi. Lakini visima ni vichache, na pengo hilo la asilimia 15 hivi lina wigo mpana sana. Kwa uhakika wa asilimia 95, pengo halisi linaweza kuwa mahali popote kuanzia asilimia 42 kwa hasara ya visima vya karibu, hadi asilimia 13 kwa hasara ya visima vya mbali. Takwimu hizi haziwezi kusema umbali una uzito, wala haziwezi kusema hauna.

Sasa soma ikisiri aliyoiandika kwanza:

"Utafiti huu ulichunguza athari za vyoo vya shimo kwa maji ya visima. Sampuli zilichukuliwa katika visima 42. Asilimia 79 ya visima ilikutwa na kinyesi cha binadamu. Visima vilivyo karibu na vyoo vilichafuka zaidi kuliko vilivyo mbali, hali inayowaweka wakazi katika hatari ya kuhara na homa ya matumbo. Inapendekezwa vyoo vyote vilivyo ndani ya mita 15 kutoka kisimani viondolewe na wakazi waelimishwe."

Na hitimisho lake: "Utafiti umethibitisha kuwa mvua husafirisha uchafu kutoka vyooni hadi visimani, na kwamba maji ya visima vya Dar es Salaam hayafai kunywewa."

Hakuna sentensi hapo ambayo mtu angeishtukia akiisoma bila majedwali. Inasomeka vizuri na inapatana na tunayoyadhani sote. Tatizo ni kwamba karibu kila sentensi imetoka mahali pengine, si kwenye matokeo.

Anza na zile namba 42 na asilimia 79. Aprili visima vilikuwa kweli 42, na 33 kati yake vilikuwa na bakteria, ambayo ni asilimia 79. Septemba visima viwili vilikauka. Kwa kuwa alitaka kulinganisha kisima kile kile katika misimu miwili, aliviondoa vyote viwili, majedwali ya mwisho yakabaki na visima 40, ambapo 31 ni asilimia 78. Ikisiri iliandikwa kabla ya Septemba, msimamizi alipotaka taarifa ya maendeleo, na hakuna aliyeirudia. Asilimia moja ni ndogo. Lakini mtahini akikuta 42 mwanzoni na 40 katika sura ya nne ataanza kutilia shaka kila namba inayofuata, naye ana haki. Kila sampuli inapoondolewa, sababu iandikwe katika sura ya mbinu, na namba ya zamani itafutwe kila mahali ilipopita.

Maneno "kinyesi cha binadamu" yana tatizo la aina nyingine, nalo ndilo linalowapata wengi katika sayansi ya mazingira. Katika mtaa huo kuna kuku, bata, mbuzi na mbwa, na E. coli wa mbuzi huota kwenye utando ule ule, katika joto lile lile. Ili kujua kinyesi ni cha nani zinahitajika vipimo vya ziada vya vinasaba au vya kemikali zinazotoka kwa binadamu peke yake, na mwanafunzi wetu hakuvifanya. Alichopima ni bakteria wa kinyesi, basi. Kuongeza "cha binadamu" ni kuongeza matokeo. Ndivyo ilivyo pia kwa kuhara na homa ya matumbo: hakupima wagonjwa, hakusoma daftari la zahanati. Anaweza kutaja magonjwa hayo katika utangulizi, akieleza kwa nini watu hupima maji, lakini hayana nafasi katika sentensi za ikisiri zinazotangaza alichokipata.

Halafu lipo lile la umbali. Hapa ndipo maumivu yalipo, kwa sababu swali hilo ndilo lililomwingiza kwenye utafiti, na pendekezo lake la utafiti lilijengwa juu yake. Mtu aliyekesha na swali kwa miezi mingi hutamani libebe jibu. Watafiti wakubwa nao hutamani hivyo. Mwaka 2010 Isabelle Boutron na wenzake walichambua taarifa 72 za majaribio ya tiba ambayo jibu lake kuu halikuonyesha tofauti ya kitakwimu, na katika zaidi ya nusu ya taarifa hizo walikuta hitimisho la ikisiri limepindwa ili tiba ionekane bora kuliko ilivyoonekana katika majaribio. Upindaji huo mara nyingi haukuwa uongo wa namba. Ulikuwa ni kuchagua cha kusema na cha kunyamazia. Mwanafunzi wetu alifanya hivyo hivyo: aliandika "vilichafuka zaidi" akaacha kusema kwamba pengo lina wigo unaopita sifuri.

Kuna pia njia ya pili ya kukosea hapo, na wasimamizi wakali huwasukuma wanafunzi ndani yake bila kukusudia. Mwanafunzi akiambiwa tofauti haikuwa ya kitakwimu, hufuta sentensi yake na kuandika: "Umbali wa choo hauathiri uchafuzi wa kisima." Hilo nalo halikuonekana. Asilimia 42 bado imo ndani ya wigo wake, na hiyo ni tofauti kubwa mno kuikana. Mtu akisoma sentensi hiyo anaweza kuchimba kisima mita nne kutoka chooni akiwa na tasnifu mkononi. Sentensi ya haki ni ndefu kidogo: visima vya karibu vilikutwa na bakteria kwa asilimia 83 na vya mbali kwa asilimia 69, lakini kwa visima 40 utafiti haukuweza kubainisha kama tofauti hiyo inatokana na umbali au ni bahati.

Hitimisho lake lina makosa mawili ambayo yanafanana. Aliona kwamba masika visima vingi zaidi vina bakteria, akasema mvua husafirisha uchafu kutoka vyooni. Huenda ni kweli. Lakini maji ya mvua huweza pia kuingia kisimani kwa juu, kupitia mdomo wa kisima usiofunikwa, yakibeba kinyesi cha kuku uwanjani bila kupita chooni hata kidogo. Hakufuatilia njia ya maji ardhini, kwa hiyo alichonacho ni tofauti ya misimu, na njia yenyewe ni dhana ya kujadiliwa katika sura ya mjadala. Tena ni misimu miwili ya mwaka mmoja. Kosa la pili ni kupanua mahali: kutoka visima 40 vya mtaa mmoja, vilivyochaguliwa kwa sababu wenye navyo walikubali, hadi "visima vya Dar es Salaam". Jiji hilo lina maeneo ya mchanga wa pwani na maeneo ya udongo mzito, lina visima vya mita chache na visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Mtaa mmoja hauwezi kuvisemea vyote.

Dawa ninayoiamini ni ya mezani kabisa. Kabla ya kuandika neno lolote la hitimisho, mwanafunzi achukue karatasi na kuigawa safu nne. Safu ya kwanza ni swali la utafiti kama lilivyo katika sura ya kwanza, neno kwa neno. Ya pili ni jibu lenye namba, pamoja na namba ya jedwali ilikotoka. Ya tatu ni kitenzi ambacho jibu hilo linakiruhusu. Ya nne ni mpaka wake: wapi, lini, visima vingapi, nini hakikupimwa. Kila swali linapata mstari mmoja. Jambo lisiloweza kuingia katika mstari wowote haliingii katika ikisiri wala katika hitimisho, hata liwe zuri namna gani.

Safu ya kitenzi ndiyo inayofanya kazi kubwa. Utafiti wa kuangalia tu, ambao mtafiti hakubadilisha chochote, unaruhusu "vilikutwa", "vilikuwa vingi zaidi", "iliendana na". Neno "husababisha" linahitaji zaidi: kwa mfano, kufunika baadhi ya visima na kuacha vingine, kisha kupima kabla na baada. Neno "imethibitisha" katika tasnifu ya shahada ya uzamili sijawahi kuona mahali pake panapostahili. Na kipimo kilichotoa sifuri hakiruhusu "maji ni salama". Kinaruhusu "bakteria hawakuonekana katika sampuli hiyo", kwa sababu sampuli ya saa mbili asubuhi haisemi kitu juu ya saa kumi jioni, na kukosekana kwa E. coli hakumaanishi kukosekana kwa virusi au nitrati.

Karatasi hiyo ina faida nyingine: inaonyesha matokeo yaliyosahaulika. Mwanafunzi wetu alipopanga mistari yake aliona jedwali moja halina swali. Katika dodoso lake alikuwa ameandika jinsi maji yanavyotekwa. Wakati wa masika, visima 25 vya ndoo na kamba vilikuwa na bakteria katika 23. Visima 15 vilivyofunikwa na kuwekwa pampu vilikuwa nao katika vinane. Pengo hilo, asilimia 92 dhidi ya 53, lina thamani ya p ya 0.008 na ni kubwa kuliko lile la umbali lililomshughulisha muda wote. Katika rasimu ya kwanza halikutajwa mwanzoni wala mwishoni, kwa sababu halikuwamo katika pendekezo la utafiti.

Je, liingie? Naona liingie, kwa sharti kwamba liitwe kwa jina lake. Halikuwa swali lililopangwa; lilijitokeza katika uchambuzi, na mtu akichambua majedwali mengi moja litang'aa kwa bahati. Tena visima vya pampu vinaweza kuwa ndivyo virefu zaidi, au vya wenye nyumba wenye uwezo wa kujenga ukuta wa zege, kwa hiyo huwezi kusema pampu ndiyo iliyovilinda. Akiandika "uchambuzi ambao haukupangwa awali ulionyesha", msomaji atajua alipime vipi.

Sasa hitimisho linaweza kuandikwa, na linaandikwa kabla ya ikisiri. Maswali yajibiwe kwa mpangilio ule ule yalivyoulizwa. Hitimisho la mwanafunzi wetu likawa hivi:

"Visima vingi vilivyopimwa katika mtaa huu vilikuwa na bakteria wa kinyesi, na vilikuwa vingi zaidi katika masika kuliko katika kiangazi cha mwaka huo. Utafiti haukuweza kubainisha kama umbali wa mita 15 kutoka chooni unatofautisha visima. Idadi ya visima ilikuwa ndogo kwa swali hilo. Uchambuzi ambao haukupangwa awali ulionyesha kuwa visima vya ndoo na kamba vilikuwa na bakteria mara nyingi zaidi kuliko vilivyofunikwa na kuwekwa pampu, ingawa kina na ujenzi wa visima havikuzingatiwa. Chanzo cha kinyesi, cha binadamu au cha wanyama, hakikuchunguzwa."

Zingatia kwamba namba nyingi hazimo. Hitimisho linakuja baada ya sura ya matokeo, na anayelisoma anaweza kurudi nyuma kurasa chache. Ikisiri haina ruhusa hiyo, kwa sababu mara nyingi huchapishwa peke yake katika hifadhi ya chuo, ikakutana na mtu asiye na tasnifu yenyewe. Humo namba za majibu makuu lazima ziwemo: visima 40, miezi miwili, 31 na 22, 83 na 69 pamoja na wigo wake, 92 na 53. Nafasi inayopotea sana katika ikisiri ni ya utangulizi. Nimesoma ikisiri ambazo nusu ya kwanza inaeleza kwamba maji ni uhai, halafu matokeo yanabanwa katika sentensi moja ya mwisho. Sentensi moja ya tatizo inatosha, mbili za mbinu, kisha sehemu kubwa iliyobaki iwe ya matokeo.

Mapendekezo nayo yapimwe kwa karatasi ile ile, kila moja liguse mstari wake. "Vyoo vyote ndani ya mita 15 viondolewe" hakina mstari wa kushika. Kama pendekezo hilo lingetekelezwa, familia ambazo hazina kiwanja cha pili zingebomolewa choo pekee walicho nacho kwa sababu ya pengo ambalo utafiti wenyewe haukuweza kulibaini. Hili linanigusa kuliko kosa lolote la takwimu, maana watu hao waliruhusu mwanafunzi achote maji yao kwa nia njema. "Wakazi waelimishwe" nalo halina mstari: hakupima wanajua nini. Kinachosimama ni kushauri maji ya visima hivyo yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kabla ya kunywewa, katika misimu yote, kwani hata kiangazi visima 22 kati ya 40 vilikuwa na bakteria. Kinasimama pia kushauri utafiti unaofuata ujaribu kufunika visima vya ndoo na kuvipima kabla na baada.

Ukaguzi wa mwisho unafanywa kutoka mbele kwenda nyuma. Ikisiri ichapwe peke yake, kila namba izungushiwe kalamu, na pembeni iandikwe namba ya jedwali na ukurasa. Namba isiyo na ukurasa ifutwe. Kisha kila kitenzi cha ikisiri kilinganishwe na cha hitimisho. Ikisiri ikisema "hupunguza" na hitimisho likasema "huenda ikaendana na", mojawapo imepitiliza, na kwa kawaida ni ikisiri. Inafaa kazi hii ifanywe na mwenzake wa darasa, kwa sababu mwandishi husoma alichokusudia badala ya alichokiandika. Ikiwa tasnifu ni ya Kiingereza na mtaa utapewa muhtasari wa Kiswahili, muhtasari huo upitie ukaguzi uo huo. Huko ndiko "hatukuweza kubainisha" hugeuka "tumegundua" bila mtu kukusudia.

Mwanafunzi wetu alipomaliza alibakiwa na kitu kimoja kisicholingana, nacho kilikuwa kwenye jalada. Tasnifu iliitwa "Athari za Vyoo vya Shimo kwa Ubora wa Maji ya Visima", ilhali hakuna athari ya vyoo iliyopatikana, na ubora ulipimwa kwa bakteria wa aina moja tu. Aliomba kibali cha kubadilisha jina kabla ya kukabidhi, likawa "Bakteria wa Kinyesi katika Visima Vifupi vya Mtaa Mmoja wa Dar es Salaam Wakati wa Masika na Kiangazi".